Kiwiko cha Mtoto na Kizingiti cha Dirisha

*Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya wasanifu majengo, wachoraji wa picha za kompyuta na walimu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.*

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wasanifu wenzangu, na ninyi vijana mnaokesha mkiisubiri kompyuta ipike picha, hamjambo.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandaa picha ya kompyuta, hii tunayoiita renda, ya darasa la shule moja ya msingi huku Eastlands. Jengo lilikuwa bado halijachimbwa msingi. Nilifanya kazi usiku na mchana, na picha ikapendeza: miale ya jua ikiteleza juu ya deski, madirisha ya juu yaking'aa, watoto wakitabasamu. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa na kumpelekea mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyekaribia kustaafu. Aliitazama kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaweka kidole juu ya mtoto aliyekuwa amesimama kando ya dirisha.

"Huyu yuko Gredi ya ngapi?" akaniuliza.

"Gredi ya kwanza, mwalimu."

"Mwanangu, huyu ana watoto wake nyumbani."

Mnacheka, na mimi nilicheka pia, lakini hakuwa amemaliza. Alinionyesha kwamba mtoto yule alikuwa ameegemeza kiwiko chake juu ya kizingiti cha dirisha akitazama nje, akaniuliza kizingiti kile kina urefu gani kutoka sakafuni. Nilifungua ramani. Kilikuwa na sentimita 110. Mtoto wa miaka 6 huwa na wastani wa sentimita 115 au 116 kuanzia unyayo hadi utosi, na macho yake akiwa amesimama huwa chini kidogo ya kizingiti hicho. Asingeweza kuegemeza kiwiko pale. Asingeona hata uwanja wa shule, ila mbingu tu. Nilipompima mtoto wangu ndani ya modeli, nikamkuta ana sentimita 141, ambacho ni kimo cha mtoto wa miaka 10 na zaidi.

Mnaona kilichotokea? Kosa langu la mtoto lilikuwa limelificha kosa la dirisha. Laiti ningemweka mtoto wa kimo cha kweli, picha yenyewe ingetuonyesha kwamba kizingiti kiko juu mno, na tungekishusha siku ile ile kwa kubofya mara mbili. Hayo ndiyo nitakayoyazungumza leo: jinsi picha ya darasa inavyoweza kuficha kasoro za darasa, na jinsi ya kuichora ili izifichue.

Tukae kwanza kwa watoto. Nilimpataje yule mtoto? Nilifanya kile ambacho wengi wetu hapa tumefanya. Sikuwa na modeli za watoto, nikachukua mtu mzima aliyevaa shati na kaptura, nikampunguza kwa jicho hadi nikaona ametosha. Ubaya ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kimo cha mtu mzima ni sawa na vichwa vyake saba na nusu hivi vikipangwa kimoja juu ya kingine. Kimo cha mtoto wa miaka 6 ni sawa na vichwa sita tu. Mchukueni mtu mzima wa sentimita 165, ambaye kichwa chake kina sentimita 22, mkampunguza hadi afike sentimita 116. Kichwa chake kitabaki na sentimita 15 na nusu, ilhali mtoto halisi wa kimo hicho ana kichwa cha takriban sentimita 19. Mtazamaji hataweza kusema kasoro iko wapi, lakini jicho lake litakataa. Ataona kundi la watu wazima wafupi waliovaa sare, na bila kujua atalikadiria darasa zima kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Je, tutajuaje kwamba watoto waliomo pichani wana kimo sahihi, hata kama picha si yetu na hatuna modeli yake? Ipo njia rahisi, na ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo. Kamera ikiwa imesimama wima, bila kuinamishwa wala kuinuliwa pua, mstari wa upeo wa macho hupita katika urefu ule ule wa kamera kila mahali ndani ya picha. Kamera ikiwekwa sentimita 160 kutoka sakafuni, kila kitu chenye sentimita 160 kitaugusa mstari huo, kiwe karibu nawe au kiwe ukutani nyuma kabisa. Kwa hiyo mtoto wa sentimita 116 atafika asilimia 72 au 73 ya njia kutoka kwenye nyayo zake hadi kwenye mstari huo, popote aliposimama. Kama hamjui mstari uko wapi, vuteni kwa rula kingo za deski na vichwa vya madirisha vinavyokimbilia mbali. Pale zinapokutana ndipo ulipo. Nilipoipima picha yangu ile ya Eastlands kwa rula ya plastiki, yule mtoto wangu alifika asilimia 88. Rula ya shilingi chache ilinikamata kabla hata sijafungua kompyuta.

Siku hizi kamera yangu ya darasani naiweka sentimita 120, wala si 160. Katika urefu huo utosi wa mtoto wa Gredi ya kwanza unakaribia kabisa kuugusa mstari, mwalimu anaupita kwa zaidi ya theluthi, na dari na madirisha ya juu yanaonekana vizuri zaidi. Vilevile, mteja analiona darasa kutoka mahali ambapo mwenye darasa analiona.

Kuna jambo jingine kuhusu watoto ambalo si la kimo bali la hesabu. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa mita 6, na unaruhusu wanafunzi wasiozidi 40 wakitumia deski za watu wawili wawili. Sasa niulize: katika picha za madarasa mlizochora, mliwaweka wangapi? Mimi niliweka 12. Deski 20 zikipangwa ndani ya chumba cha mita 7.5 kwa 6, nafasi ya kupita kati ya safu huwa finyu, na deski la nyuma hukaribia ukuta. Hilo ni jambo ambalo mteja anapaswa kuliona kwenye picha, si siku ya kufungua shule. Na deski lenyewe lipimwe pia. Lile nililolitoa kwenye maktaba yangu ya modeli lilikuwa na kiti cha sentimita 46 na meza ya sentimita 76, vipimo vya mtu mzima. Kiwango cha Ulaya cha samani za shule, EN 1729, humpa mtoto wa kimo cha sentimita 116 kiti cha sentimita 31 na meza ya sentimita 53. Watoto wangu 12 walikuwa wakining'iniza miguu hewani, na hakuna aliyeona kwa sababu miguu ilifichwa na deski.

Tahadhari moja hapa. Tangu mwaka 2023, Gredi ya 7 iko ndani ya shule za msingi, kwa hiyo ua ule ule una mtoto wa sentimita 116 na mwenzake wa sentimita 150. Ulizeni darasa ni la nani kabla ya kumpachika mtoto yeyote.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo haionekani, na ndiyo maana ni rahisi kuidanganyia. Katika maelezo ya mradi ule iliandikwa kwamba darasa litapata hewa kwa njia ya asili kupitia madirisha ya juu. Nilichora madirisha ya juu. Nilichora vioo vizuri vyenye kuakisi anga. Fundi wa madirisha alipoiona picha aliniuliza swali dogo: "Haya yanafunguka?" Sikuwa nimechora bawaba, wala stei ya kulishikilia dirisha likiwa wazi, wala kipini. Kwa macho ya fundi, dirisha lisilo na bawaba ni kioo kilichofungwa moja kwa moja, na hivyo ndivyo alivyokuwa amelipigia bei.

Hebu tulifanyie hesabu darasa hilo. Watoto 40 na mwalimu mmoja ni watu 41. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo ya aina hii. Hizo ni lita 410 kwa sekunde. Darasa letu, likiwa na dari ya mita 3, lina mita za ujazo 135, kwa hiyo hewa yote ya chumba inapaswa kubadilishwa katika muda wa takriban dakika tano na nusu. Hakuna feni. Nani ataisukuma hewa yote hiyo?

Siku yenye upepo, upepo utaisukuma, mradi pawe na uwazi pande mbili zinazokabiliana. Lakini wakati wa kuamulia ni ile siku iliyotulia, mchana, jani halitikisiki. Hapo inabaki nguvu moja tu: hewa iliyopashwa joto na miili ya watoto huwa nyepesi, hupanda, na hutafuta mahali pa kutokea juu, huku hewa baridi ikiingia chini kuchukua nafasi yake. Nguvu hiyo hutegemea mambo mawili, yaani tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na umbali wa kwenda juu kati ya tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Tuseme tofauti ya joto ni digrii 3, katikati ya madirisha ya chini iko mita 1.1 kutoka sakafuni, na katikati ya yale ya juu iko mita 2.7. Hesabu inatupa takriban mita mraba 1.7 za uwazi chini, na nyingine 1.7 juu.

Sikilizeni vizuri neno hilo: uwazi, si kioo. Dirisha la juu lenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 60, lililofungwa bawaba kwa juu, likifunguliwa sentimita 15 tu kwa chini, halipitishi hewa kwa eneo lake lote la kioo, ambalo ni mita mraba 0.72. Hewa hupita kwenye ule ufa wa chini na pembetatu mbili za pembeni, na jumla yake ni mita mraba 0.27. Kwa uwazi huo mngehitaji madirisha saba, na madirisha saba ya sentimita 120 ni mita 8.4, wakati ukuta mzima una mita 7.5. Hayaingii! Lakini refusheni stei ili dirisha lile lile lifunguke sentimita 25, na uwazi wake unafika mita mraba 0.45. Sasa manne yanatosha, na ukuta unabaki na nafasi ya nguzo zake.

Tofauti kati ya darasa linalopumua na lisilopumua, katika mfano huu, ni stei yenye urefu wa sentimita 10 zaidi. Je, hilo linachorwa? Linachorwa. Chora dirisha likiwa wazi, kwa pembe ile ile ambayo stei itairuhusu. Chora bawaba. Chora kamba au fito ya kulifungulia, kwa sababu mwalimu hawezi kufika mita 2.7 bila kupanda juu ya deski. Chora na dirisha la chini la upande wa pili likiwa wazi, maana tundu la kutokea lisilo na tundu la kuingilia ni chupa iliyofunikwa. Na mkiweka dari, hakikisheni haishuki chini ya kichwa cha dirisha la juu. Nimeiona modeli ambayo dari ilipita katikati ya kioo, na mchoraji akaiinua kamera kidogo tu ili isionekane.

Nikiwa hapo niseme neno kuhusu grili, ingawa najua tutabishana wakati wa chai. Mwongozo ule wa 2008 unataka madirisha ya darasa yawe bila grili na mlango ufungukie nje. Jiji letu nalo lina wezi. Mimi nachora kama mwongozo unavyosema, na mteja akitaka grili, aiombe kwa maandishi.

Tuje kwenye jua. Ile miale mirefu iliyopendwa na kila mtu katika picha yangu ilitoka wapi? Ilitoka Ulaya. Nilikuwa nimelifungua faili la zamani lililokuwa na mipangilio yake, jua likiwa kusini, limeinama kiasi cha digrii 40. Nairobi iko karibu digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua letu la mchana liko kaskazini, na mwezi Desemba liko kusini, na katika miezi yote miwili halishuki chini ya digrii 65 kutoka upeo wa macho wakati wa adhuhuri. Mwezi Machi na Septemba linapita juu ya utosi. Jua la mchana la namna hiyo haliwezi kulala juu ya deski kupitia dirisha la kaskazini au la kusini lenye upenu wa heshima. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, jazeni sehemu hizi za programu yenu:

```
Latitude:  -1.29
Longitude: 36.82
UTC Zone:  3
```

Kisha geuzeni kaskazini ya modeli iwe kaskazini ya kiwanja. Msishangae kwamba adhuhuri ya jua haiji saa sita kamili. Hapa kwetu huja karibu saa sita na nusu.

Mkishafanya hivyo, picha itaanza kuwafundisha. Tulipoweka jua la kweli, tuligundua kwamba upenu wa sentimita 60 juu ya madirisha yetu ya kaskazini ulitupa kivuli cha karibu sentimita 130 adhuhuri ya Juni, zaidi ya mara mbili ya kimo cha dirisha. Hata saa mbili na nusu asubuhi kivuli hicho kilikuwa bado na sentimita 65 hivi, na dirisha lina 60. Lakini tulipolizungusha jengo ili kuta ndefu zitazame mashariki na magharibi, jambo ambalo umbo la kiwanja lilitushawishi kulifikiria, jua la saa mbili liliingia moja kwa moja hadi ubaoni, na hakuna upenu uliotusaidia. Jengo tukalirudisha lilivyokuwa. Picha mpya haikuwa na miale. Ilikuwa na mwanga laini kutoka pande mbili, na ukuta wa ndani ulioangazwa sawasawa, na meneja wa mradi akalalamika kwamba "imepoa". Nilimwambia mtoto anayesoma ubaoni anahitaji darasa lililopoa.

Kuhusu kuta na sakafu sitakawia. Tembeleeni darasa lolote lililotumika miaka mitano na mtaona utepe wa uchafu ukizunguka chumba, kati ya kiuno na bega la mtoto. Ndiyo maana mafundi wetu hupaka rangi ya mafuta hadi mita 1.2 hivi, inayooshwa kwa sabuni, na rangi ya maji juu yake. Katika renda, sehemu hizo mbili zisifanane: ya chini iakisi mwanga kidogo, `Roughness` ikiwa 0.3 au 0.4, na ya juu iwe kavu, 0.8 au 0.9. Weupe wa rangi yenyewe usizidi 0.8, kwa sababu ukuta wenye weupe wa 1.0 hurudisha mwanga wote unaoupata, na darasa litang'aa pichani kwa mwanga ambao dirisha halikuuleta. Kona za kuta na za nguzo zizungushiwe kidogo, kwa sababu kona kali ya plasta hubanduliwa na deski katika muhula wa kwanza. Sakafu ikiwa ya terazo, chembe zake ziwe za milimita, zisiwe kama kokoto za mtoni, kwani chembe kubwa humfanya mtoto aonekane kama sanamu ndogo juu ya meza.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu baada ya wiki tatu. Kizingiti kilikuwa kimeshuka hadi sentimita 80, watoto walikuwa 40, madirisha manne ya juu yalikuwa wazi, kila moja na kamba yake iliyofungwa kwenye kulabu ukutani. Aliitazama tena kwa muda mrefu. Safari hii hakumgusa mtoto yeyote. Kidole kilikwenda kwenye kulabu.

"Hii iko urefu gani?"

"Mita moja, mwalimu."

"Ipandishe hadi moja na nusu. Hawa watabembea."